Hotuba ya akiba kwa vijana wa mwaloni Kigoma: mwongozo kamili wa kuiandaa na kuitoa

Mara ya kwanza kuombwa nizungumze na vijana kuhusu akiba ilikuwa kwenye kikundi cha mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, hapa Kigoma Mjini. Nilijiandaa siku mbili. Nilifungua na haba na haba hujaza kibaba, nikapita kwenye asilimia kumi ya mshahara, nikaishia na malengo ya miaka mitano. Walinisikiliza kwa adabu. Ulipofika muda wa maswali, kijana mmoja anayebeba ndoo za dagaa akasimama. "Kaka, shikamoo. Wewe unalipwa mwisho wa mwezi. Sisi tunalipwa na mwezi wenyewe, ule wa juu. Sasa hiyo asilimia kumi tuitoe siku gani?"

Sikuwa na jibu, na swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii. Tangu hapo sijawahi kutoa hotuba ya akiba bila kwanza kujua pesa za wasikilizaji wangu zinaingia siku zipi, zinakatika siku zipi, na zikikatika wanakimbilia wapi. Mwongozo huu ni kwa yeyote atakayeombwa kufanya kazi hiyo hiyo: mwezeshaji, mwalimu, kiongozi wa kikundi, au kaka na dada ambaye vijana wanamheshimu. Mfano wangu wote ni wa mwalo wa Kibirizi na mialo ya jirani, kwa sababu huko ndiko ninakokujua. Ukiwa na wakulima wa tumbaku wa Tabora, kalenda yao ni nyingine kabisa na itabidi uichore upya.

Jua kwanza kalenda ya pesa yao

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inawavuta dagaa juu wakati kuna giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetanda ziwa zima na dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, hivyo mitumbwi mingi hupumzika siku kama saba hadi kumi. Ndiyo maana mtu wa mwaloni hahesabu Januari na Februari, anahesabu giza na mbalamwezi. Giza ni kazi na pesa ya kila alfajiri. Mbalamwezi ni kukaa.

Hilo haliwagusi wavuvi peke yao. Anayebeba ndoo kutoka mtumbwini hadi kwenye vichanja, dada anayeanika, kijana wa bodaboda anayepeleka mzigo Mwanga sokoni, mama lishe anayewauzia wote chai na maandazi, wote hao mfuko wao unapanda na kushuka na mwezi. Kisha kuna pengo kubwa zaidi. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kijana aliyekuwa mwaloni mwaka huo hahitaji kuelezwa maana ya kipato kukatika.

Kwa hiyo siku chache kabla ya hotuba, nenda ukae nao. Usiende na dodoso. Nunua chai, kaa pale wanapokaa, kisha uliza mambo matatu. Siku nzuri ya giza unaondoka na shilingi ngapi? Siku mbaya kuliko zote katika giza lililopita uliondoka na ngapi? Na mbalamwezi ikikukuta huna kitu, unakopa wapi na unarudisha kiasi gani? Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndiyo hesabu utakayoiweka mbele yao. Ukitajiwa mkopo wa kausha damu, uliza taratibu: ukichukua elfu ishirini, unarudisha ngapi, baada ya siku ngapi? Andika tarakimu kama zilivyo. Usiandike jina la mtu.

Chagua siku

Watu wengi huitisha mkutano katikati ya giza kwa kuwa wakati huo vijana wana pesa. Ni kosa. Katikati ya giza wamekesha, mchana wanalala, na mwenye pesa mfukoni haamini kwamba zitakwisha. Wengine huitisha katikati ya mbalamwezi kwa sababu vijana wana nafasi. Hapo watakuja, watakubali kila neno, lakini hawana hata jero la kuanzia, na siku kumi baadaye maneno yako yamekwisha kupoa.

Siku inayofaa ni mbili au tatu kabla mitumbwi haijarudi ziwani. Ukata bado unauma, madeni ya dukani bado yako kichwani, na pesa mpya iko njiani. Unachowaambia saa kumi jioni, baada ya alasiri, kinaweza kuanza kutekelezwa keshokutwa alfajiri. Dakika ishirini za kuzungumza zinatosha, na nusu saa ya maswali.

Fungua kwa mbalamwezi iliyopita

Usianze na methali. Wamezisikia tangu darasa la kwanza, na kijana akisikia mwanzo wa methali anayoijua, masikio yake yanapumzika. Usianze pia na kisa cha tajiri fulani aliyeanza na shilingi mia. Anza na jambo walilolipitia wao wiki hii. Mimi hufungua hivi:

"Wadogo zangu, habari za mbalamwezi. Sitamuuliza mtu ana shilingi ngapi. Nauliza hivi: wiki hii iliyopita, nani alikwenda dukani akaandikwa kwenye daftari? Usinyooshe mkono, jijibu mwenyewe. Sasa jiulize jingine. Giza lililopita, kati ya zile asubuhi ishirini ulizofanya kazi, je, hakukuwa na asubuhi hata moja ambayo buku moja lilitoka mkononi na leo hukumbuki lilikwenda wapi?"

Hapo nyamaza kidogo. Utawaona wanatazamana. Swali la kwanza linataja shida, la pili linaonyesha kwamba dawa yake ilikuwa imepita mikononi mwao. Na kwa kuwa humlazimishi mtu kujitangaza, hakuna anayelazimika kujitetea.

Weka hesabu moja tu ubaoni

Huu ndio moyo wa hotuba, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu. Ubao si lazima. Gamba la boksi na maka peni vinatosha, ila andika tarakimu kubwa.

Chukua watu wawili wa mfano, wote wanabeba ndoo, wote wanapata sawasawa. Tumia tarakimu ulizopewa na vijana wenyewe. Hapa nitaweka za mfano: wastani wa shilingi 7,000 kwa siku, siku 20 za kazi kwa kila giza, yaani 140,000. Wa kwanza anatenga 1,000 kila siku anayofanya kazi. Mbalamwezi hatengi kitu, na hilo litamke wazi, maana akiba inayomdai mtu siku ambayo hakupata kitu itamshinda ndani ya mwezi mmoja. Wa pili anasema: nikipata pesa ya maana, hapo ndipo nitaweka.

Giza moja, wa kwanza ana 20,000. Magiza manne, kuanzia Januari hadi kabla ya katikati ya Mei, ana 80,000. Kisha ziwa linafungwa miezi mitatu, kama mwaka 2024. Wote wawili wanatafuta vibarua vya hapa na pale, lakini kila mwezi wanapungukiwa 20,000 za chakula na kodi. Wa kwanza anatoa 20,000 mara tatu. Ziwa linapofunguliwa Agosti, bado ana 20,000.

Wa pili anakopa. Tuseme anakopa 20,000 katikati ya Mei, nyingine katikati ya Juni, nyingine katikati ya Julai, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na tuwe wapole, tuseme riba haizai riba nyingine. Mkopo wa kwanza unakaa miezi mitatu, riba yake 18,000. Wa pili miezi miwili, 12,000. Wa tatu mwezi mmoja, 6,000. Jumla ya riba ni 36,000. Katikati ya Agosti anadaiwa 60,000 alizokula na 36,000 za riba, yaani 96,000, kabla hajabeba ndoo hata moja.

Wazungumzaji wengi wangeishia hapo na kutangaza tofauti: mmoja ana 20,000, mwingine anadaiwa 96,000, pengo ni 116,000. Usiishie hapo. Mwaloni kuna vijana wenye akili kali ya hesabu, na mmoja atakuambia: "Lakini huyu wa pili zile elfu themanini alikwisha kuzila. Si alifaidi?" Ana haki kabisa. Kwa hiyo liseme wewe kabla hajalisema yeye:

"Ni kweli, wa pili alitumia 80,000 ambazo mwenzake hakuzitumia. Ziondoeni kwenye pengo. 116,000 toa 80,000, zinabaki 36,000. Hizo hazikuliwa na huyu wala na yule. Zimekwenda kwa mkopeshaji. Hiyo 36,000 ndiyo bei aliyoilipa kwa kusubiri. Ni siku tano za kubeba ndoo, na zaidi kidogo, amezifanya kwa faida ya mtu mwingine."

Nimeona mara nyingi jinsi chumba kinavyobadilika hapo. Pengo la 116,000 lingewafanya wakubali kwa mdomo tu. Pengo la 36,000 wanaliamini, kwa sababu wameona umetoa kilichokuwa cha kutoa.

Angalizo moja kuhusu kiasi. Usiamue wewe kwamba ni buku. Katika yale mazungumzo ya chai uliuliza siku mbaya kuliko zote. Kama siku hiyo mtu aliondoka na 3,000, na chakula na nauli vikala 2,200, uwezo wake ni 800, basi kiwango chake ni jero. Kiwango kinapimwa kwa siku mbaya, hakipimwi kwa siku nzuri. Siku nzuri anaweza kuongeza akipenda, lakini kile cha chini lazima kiwezekane hata ndoo zikiwa chache. Ukiona kikundi kimeanza na kiwango kikubwa kwa shangwe, angalia giza la pili: watoro wa kwanza watakuwa wale wenye kipato kidogo, nao watatoroka kimya kimya kwa aibu.

Onyesha pesa kubwa inavyokwenda

Baada ya hesabu utasikia minong'ono: buku ni buku, mimi nasubiri mgao mzuri, au kiwanja cha familia kiuzwe, au mkopo wa vijana wa halmashauri. Hapa ndipo hotuba nyingi zinapoanza kukemea. Usikemee. Chukua vipande kumi vya karatasi, kila kimoja ukakiite 50,000, mpe kijana mmoja anayependa kuchangamsha watu, na umwambie: "Leo umepata laki tano. Ndugu zako hawa wakutajie zitakwenda wapi."

Kikundi kitafanya kazi yenyewe. Kuna deni la duka. Kuna kodi ya chumba ya miezi mitatu. Simu imepasuka kioo. Kuna mchango wa harusi ya binamu. Mama yuko Kasulu, bati zimetoboka. Rafiki aliyekusaidia mbalamwezi iliyopita naye leo ana shida. Kila jambo likitajwa, karatasi moja au mbili zinatoka mkononi. Mara nyingi hubaki mbili, wakati mwingine hakuna.

Kisha eleza sababu, kwa sababu mchezo bila maelezo ni kicheko tu. Pesa kubwa haifiki peke yake. Inafika ikiwa na watu wanaoingojea na madeni yaliyojilimbikiza kwa jina lake, maana kila mara ulipokosa ulisema nitalipa nikipata. Pia inaonekana. Ndugu wanajua siku mgao ulipotoka. Buku la kila alfajiri halina anayelijua, halijaahidiwa mtu, na linaondoka mkononi kabla halijapata jina. Ndiyo maana, katika mfano wetu, anayetenga 20,000 kwa giza anaweza kufika mwisho wa mwaka na zaidi ya yule aliyeshika laki tano siku moja. Magiza tisa, ukiondoa miezi mitatu ya kufungwa kwa ziwa, ni 180,000, na hata akitoa zile 60,000 za miezi hiyo mitatu anabaki na 120,000. Mwenye laki tano alibaki na karatasi mbili, 100,000.

Nakusihi jambo moja: usimfanye kijana aone bati za mama yake Kasulu kuwa upotevu. Ni wajibu, na wapo wanaojitahidi kwa ajili ya wajibu huo tu. Sema waziwazi kwamba hoja yako si kuwanyima ndugu. Mwenye akiba ndogo ya kudumu ndiye anayeweza kumtumia mama hata mbalamwezi, badala ya kumwambia asubiri.

Na useme kweli juu ya mipaka. Jero au buku la kila siku halijengi nyumba, na halichukui nafasi ya kutafuta kazi yenye kipato bora. Kazi yake ni mbili: kuziba pengo ili mtu asiuze kesho yake kwa mkopeshaji, na kukusanya mtaji wa kwanza. Asiyepata hata chakula cha siku hana cha kuweka. Huyo anahitaji kazi, na si hotuba yako. Mwenye deni la kausha damu linaloendelea kuzaa aelekeze karibu buku lake lote kulilipa kwanza, kwa kuwa hakuna akiba inayozaa asilimia 30 kwa mwezi. Abakize kidogo tu, ili mbalamwezi ijayo isimrudishe kwa mkopeshaji yule yule.

Pesa iende wapi alfajiri hiyo hiyo

Usifunge hotuba kabla ya kujibu hili, maana nia bila mahali pa kuweka hufia njiani kati ya mwaloni na nyumbani. Kanuni ninayowapa ni fupi: pesa ya akiba iondoke mkononi kabla ya chai.

Kwa wengine ni kibubu. Kinafaa kuanzia, ila kina hatari ya kuibwa, na mwenyewe anaijua njia ya kukifungua. Kwa wengine ni laini ya simu, kwa wakala pale pale mwaloni. Kuweka ni rahisi. Kinachokula akiba ndogo ni makato ya kutoa. Mwambie kijana asome bango la makato kwa wakala, alinganishe makato ya kutoa 5,000 mara nne na ya kutoa 20,000 mara moja. Akishaona mwenyewe, ataacha kutoa vijisenti. Nimeona pia wanaofungua laini ya pili kwa ajili ya akiba tu, na namba yake hawampi mtu. Inasaidia.

Lakini kwa vijana ambao tayari ni kikundi, sanduku la pamoja lina nguvu ambayo simu haina: wenzako wanaona kama umeweka. Utaratibu unaofahamika kwenye vikundi vya kuweka na kukopa ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mnakutana mara moja kwa wiki. Kila mtu ananunua hisa, kwa kawaida kati ya moja na tano, na bei ya hisa inawekwa kwa kumwangalia mwenye kipato kidogo kuliko wote. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Baada ya mwaka hivi, mnagawana kwa kadiri ya hisa za kila mmoja.

Mahali pabaya pa utaratibu huu ni pale pesa inapohesabiwa. Pesa zihesabiwe kwa sauti, mbele ya wote, na kabla ya kufunga sanduku mtangaze salio, kila mtu alishike kichwani. Mkutano unaofuata unaanza kwa wanachama kulitaja salio hilo kabla sanduku halijafunguliwa. Ni jambo dogo, na asiyejua kusoma analiweza sawa na mwenye shahada. Dalili za hatari ni hizi: sanduku limefunguliwa siku isiyo ya mkutano, mshika funguo ametuma ufunguo kupitia kwa mdogo wake, vitabu vyote vinakaa kwa katibu "ili visipotee". Ukiona hata moja, simamisha ukopeshaji wiki hiyo na mhesabu upya wote.

Maswali yatakayokuja

Hapa Kigoma, hasa ukiwa Ujiji, swali la riba litaulizwa, na mara nyingi litaulizwa na kijana mstaarabu kuliko wote. "Kaka, kikundi kikikopesha kwa riba, sisi Waislamu tunaingiaje?" Usilikwepe na usilizungushe kwa kuiita riba ada. Jibu langu ni kwamba hoja yote ya akiba ndogo inasimama bila riba. Kikundi kinaweza kuweka tu na kugawana mwishoni, au kukopeshana bila nyongeza, au kununua dagaa kwa pamoja wakati bei iko chini, kuwauza na kugawana faida halisi pamoja na hasara ikitokea. Waachie waamue wenyewe wakishauriana na sheikh wao.

Mwingine atasema pesa inashuka thamani, bora kutumia leo. Swali zuri, na lina jibu la tarakimu. Mfumuko wa bei Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka. Hata ambaye hakutoa kitu hadi akafikisha 180,000 hakuwa nazo zote tangu Januari. Zilikua taratibu, kwa hiyo kwa wastani alishika kama 90,000. Asilimia 5 ya hizo ni 4,500 kwa mwaka. Ilinganishe na zile 36,000 za riba kwa miezi mitatu, na umwachie apime. Ila mwambie pia kwamba pesa ikishafika kiasi cha mtaji, isikae tena sandukuni. Igeuzwe ndoo, gunia la dagaa wakavu, au matengenezo ya pikipiki.

Halafu mkopo wa halmashauri. Ni kweli upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Usiwaambie wauache. Waambie kwamba hupewa vikundi vilivyosajiliwa, na kwamba kikundi chenye kitabu cha mwaka mzima kinachoonyesha nani aliweka nini wiki gani kinafika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kikiwa na la kuonyesha. Usajili wenyewe ni lazima pia kwa kikundi kinachoweka na kukopeshana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ofisi hiyo hiyo ya kata ndiyo ya kuanzia.

Swali la mwisho huulizwa pembeni, watu wakitawanyika, mara nyingi na binti. Nyumbani wanajua anaweka, na kaka au mume anazitaka. Hilo usilijibu kwa kanuni. Kaa naye. Kwa wengine dawa imekuwa sanduku la kikundi, kwa sababu anaweza kusema kweli kwamba hawezi kulifungua peke yake.

Baada ya hotuba

Kabla hawajaondoka, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi kiwango chake na mahali atakapoweka, akitunze mwenyewe. Usikusanye vikaratasi hivyo na usikusanye pesa siku hiyo. Mzungumzaji anayeondoka na pesa za watu, hata kwa nia njema, amewafundisha somo jingine.

Kisha rudi mara mbili. Mara ya kwanza ni alfajiri ya nne au ya tano ya giza, saa mitumbwi inaposhusha. Simama karibu na wakala au mahali sanduku lilipo, salimia, angalia tu. Utajua ndani ya nusu saa ni wangapi wanapita pale kabla ya kwenda kunywa chai. Mara ya pili ni katikati ya mbalamwezi inayofuata. Nenda kwa mwenye duka lile linaloandika kwenye daftari, nunua sabuni, na umuulize kama vijana wa mwaloni mwezi huu wamekopa kama ule uliopita. Usitake majina.

Katika kikundi kile cha kwanza nilirudi baada ya miezi miwili nikiwa na gamba la boksi badala ya asilimia zangu. Yule kijana aliyeniuliza swali alikaa mbele. Nilipofika kwenye zile 36,000 aliomba maka peni, akasahihisha tarakimu za mkopo, kwa sababu yeye alikuwa amelipa zaidi.